Skrinshoti nyingi, PDF moja: namna ya kuandaa faili la kupeleka shuleni au ofisini

Swali hili huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile: "Nina skrinshoti nane, wanataka PDF moja, nifanyeje?" Mara nyingi anayeuliza ameshajaribu. Alituma picha moja moja, zikarudishwa. Au aliziunganisha, faili likakataliwa kwa kuwa zito mno. Au lilipokelewa vizuri, kisha mwalimu akamwandikia kwamba hasomi kitu.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kinachowakwamisha watu ni mambo matatu yanayotakiwa kushughulikiwa kabla ya hapo: mpangilio wa picha, namna zinavyokaa kwenye karatasi, na uzito wa faili. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa chini zinahusu picha zenyewe. Ukiziruka, utarudi kuzifanya baadaye ukiwa na haraka.

Tufuate mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme unaomba nafasi ya masomo. Umeambiwa upakie PDF moja isiyozidi MB 2, yenye kurasa tano za fomu uliyojaza mtandaoni, uthibitisho mmoja wa malipo, na kurasa mbili za matokeo yako. Jumla ni picha nane. Una simu ya Android yenye skrini ya pikseli 1080 kwa 2400, na huna kompyuta. Wenye iPhone na wenye kompyuta ya Windows wana sehemu zao mbele, lakini hata wao waanze na hatua tatu za mwanzo.

Kwanza jiulize kama skrinshoti inahitajika

Kama unachotaka kutuma kipo kwenye ukurasa wa wavuti, tazama kama ukurasa huo una kitufe cha kupakua PDF au kuchapa. Kwenye Chrome ya simu unaweza kugusa nukta tatu, kisha `Share`, kisha `Print`, na kuhifadhi ukurasa wote kama PDF. Faili la namna hiyo hubeba maandishi halisi: ni jepesi, halina ukungu, na msomaji anaweza kutafuta neno ndani yake. Skrinshoti ni picha ya maandishi tu. Itumie pale ambapo hakuna njia nyingine, au pale ulipoambiwa waziwazi ulete skrinshoti.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Apu ya Google Docs. Ni ya bure, na kwenye simu nyingi za Android tayari ipo. Utahitaji kuwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google.
- Masharti ya mpokeaji, yaliyosomwa mpaka mwisho: ukubwa wa juu wa faili, jina linalotakiwa, na kama wanataka picha moja kwa kila ukurasa.
- Orodha ya picha kwa mpangilio wake, iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Kwa mfano wetu: fomu 1 hadi 5, malipo, matokeo 1 na 2.
- Nafasi kidogo kwenye simu. MB 50 zinatosha na kubaki.

Majina ya vitufe nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa Kiingereza. Kama yako iko kwa Kiswahili, maneno yatakuwa tofauti lakini vitufe vitakaa palepale.

Hatua ya 1: Piga skrinshoti ukijua zitasomwa kwenye karatasi

Kwenye simu nyingi za Android unabonyeza kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa pamoja. Hilo wengi wanalijua. Yafuatayo ndiyo husahauliwa.

Zima hali ya giza kwanza. Maandishi meupe juu ya nyeusi yanapendeza kwenye skrini usiku, lakini ofisi ikichapa faili lako, karatasi nzima inageuka wino mweusi na herufi nyembamba zinamezwa. Rudisha skrini iwe nyeupe ndipo upige.

Zima pia arifa kwa kuwasha `Do Not Disturb`. Ujumbe wa rafiki ukishuka juu ya skrini wakati unapiga, utasomwa na karani usiyemjua.

Unapopiga ukurasa mrefu kwa vipande, acha mistari miwili ya mwisho ya picha ya kwanza ionekane tena juu ya picha ya pili. Msomaji ataona kwamba hakuna kilichorukwa. Bila huo mwingiliano, hana njia ya kujua kama swali la 7 halipo au lilipotea katikati ya picha mbili.

Na hapa kuna kosa linalofanywa hata na wazoefu: skrinshoti ndefu. Simu nyingi sasa zinaweza kushuka na ukurasa na kutoa picha moja yenye urefu wa skrini nne au tano. Kwenye simu unaisoma kwa kuitelezesha, lakini ukurasa wa PDF hautelezi ndani kwa ndani. Piga hesabu: picha ya pikseli 1080 kwa 9600 ikiingizwa nzima kwenye karatasi ya A4, ambayo ina urefu wa sentimita 29.7, upana wake unabaki sentimita 3.3 tu. Hicho ni kiutepe chembamba kuliko skrini yenyewe ya simu, na hakuna atakayekisoma. Kama tayari unayo picha ya namna hiyo, ikate vipande vinne kwenye galari kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Kata kingo na ficha yasiyowahusu

Fungua kila picha kwenye galari, gusa alama ya kuhariri, kisha kata sehemu ya juu yenye saa, betri na mtandao, na sehemu ya chini yenye vitufe vya simu. Hapo picha inapata nafasi zaidi kwenye karatasi, na uzito unapungua kidogo.

Ila usikate kinachothibitisha. Kama mpokeaji anataka kuona anwani ya tovuti au tarehe ya muamala, hakikisha vinabaki. Kwenye uthibitisho wa malipo mimi hukata saa ya simu peke yake. Tarehe, kiasi na namba ya kumbukumbu sizigusi kamwe.

Kama kuna jambo la kuficha, mfano salio la akaunti yako, usitumie kalamu ya kung'arisha maandishi hata ukiipaka mara tatu. Rangi yake inapitisha mwanga, na mtu akiongeza mwangaza wa picha anaweza kuzisoma namba zilizo chini yake. Tumia umbo lililojazwa rangi moja nzito, au kata sehemu hiyo kabisa ukiweza.

Kata na ufiche kwenye galari, kisha uhifadhi nakala mpya. Usisubiri kukata ukiwa ndani ya hati, kwa sababu programu za kuandikia huweza kukuonyesha kipande huku zikiitunza picha nzima nyuma yake.

Hatua ya 3: Panga picha kabla hazijaingia

Simu hutaja skrinshoti kwa tarehe na saa, kwa hiyo ukizipiga kwa mpangilio sahihi zitajipanga zenyewe. Tatizo linaanza ukirudia moja. Umegundua fomu ya 3 ina kosa, umeipiga upya, sasa ndiyo mpya kuliko zote na imekwenda mwisho. Ukizihariri ni vivyo hivyo: nakala iliyokatwa mara nyingi hupewa saa ya sasa.

Dawa ni kuunda albamu mpya kwenye galari, kuhamishia humo zile nane tu zilizokamilika, na kufuta au kuacha nje zile za majaribio. Ukitaka kuzipa majina mapya, anza na tarakimu mbili: `01`, `02`, `03`. Ukiandika `1`, `2` mpaka `10`, baadhi ya programu zitaiweka 10 mara tu baada ya 1.

Hesabu. Albamu ina nane? Endelea.

Hatua ya 4: Fungua hati mpya na uipe karatasi sahihi

1. Fungua Google Docs, gusa alama ya kujumlisha, chagua `New document`.
2. Gusa nukta tatu za juu, kisha washa `Print layout`. Sasa unaona mipaka ya karatasi. Bila hii unafanya kazi gizani, maana hati huonekana kama utepe usio na mwisho.
3. Kwenye menyu ileile gusa `Page setup`, kisha `Paper size`, na uchague `A4`. Baadhi ya simu huanza na `Letter`, ambayo ni fupi kuliko A4 na pana kidogo.

Hatua ya 5: Ingiza picha moja baada ya nyingine

1. Kwenye mstari wa kwanza andika jina lako na namba ya maombi. Karatasi zikichapwa na kuchanganyika na za wengine, mstari huo ndio utakaozirudisha pamoja.
2. Mstari wa pili andika maelezo mafupi: "1. Fomu ya maombi, sehemu ya kwanza".
3. Shuka mstari, gusa alama ya kujumlisha, chagua `Image`, kisha `From photos`, na uchague picha ya kwanza kutoka kwenye albamu yako.
4. Gusa picha iliyoingia. Utaona vidoti kwenye kona zake. Buruta cha kona, si cha ubavuni. Cha ubavuni kinavuta picha upande mmoja na herufi zinatoka nene au nyembamba kuliko zilivyo.
5. Gusa chini ya picha, gusa tena alama ya kujumlisha, chagua `Page break`, kisha rudia kwa picha ya pili.

Kuziingiza moja moja kunachosha kidogo kwa picha nane, lakini kila picha inakaa pale ulipoiweka. Njia nyingi za mkato huchagua mpangilio kwa niaba yako.

Je, ziwe moja kwa ukurasa au mbili? Kama masharti yamesema moja, basi ni moja. Kama hayakusema, picha mbili za simu zikikaa ubavu kwa ubavu zinasomeka vizuri. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiondoa pambizo za kawaida za sentimita 2.54 kila upande, zinabaki karibu sentimita 16, kwa hiyo kila picha inaweza kuwa na upana wa sentimita 7.5. Kwa skrini yetu, urefu wake utakuwa kama sentimita 16.7. Huo ni ukubwa unaokaribiana na ule wa skrini ya simu mkononi, na msomaji atasoma kama wewe ulivyosoma. Tatu kwa upana mmoja usijaribu.

Kwa mfano wetu ningeweka fomu tano moja kwa ukurasa, kwa kuwa zina maandishi madogo, na malipo peke yake. Matokeo mawili yangekaa pamoja. Kurasa saba.

Hatua ya 6: Geuza hati kuwa PDF

1. Gusa nukta tatu, kisha `Share & export`, kisha `Print`.
2. Juu ya dirisha linalofunguka kuna sehemu ya kuchagua printa. Iguse, chagua `Save as PDF`. Usiogope neno la kuchapa. Hakuna printa inayohitajika.
3. Gusa mshale mdogo wa kushuka ili uone mipangilio zaidi. Hakikisha `Paper size` inasema A4.
4. Telezesha uone kurasa zote kabla ya kuhifadhi. Hapa ndipo pa kukamata ukurasa mtupu au picha iliyokatika.
5. Gusa kitufe cha duara chenye alama ya PDF. Chagua folda ya `Downloads`, andika jina la faili, kisha `Save`.

Jina lieleze mwenyewe na kilichomo: `maombi_jina_ukoo.pdf`. Tumia herufi, tarakimu na mstari wa chini tu. Nafasi, mabano na alama kama `&` huwasumbua baadhi ya mifumo ya kupokea mafaili. Kama ofisi imetoa muundo wake wa jina, fuata huo herufi kwa herufi.

Hatua ya 7: Kagua faili, si hati

Funga Google Docs. Fungua apu ya mafaili, nenda `Downloads`, ufungue PDF yenyewe. Hesabu kurasa. Soma mstari mmoja wenye herufi ndogo kabisa bila kukuza sana. Kama wewe mwenye kujua kilichoandikwa unabahatisha, karani hatasoma. Kisha tazama maelezo ya faili uone uzito wake.

Kipimo kimoja zaidi ninachokipenda: jitumie faili hilo kwa barua pepe na ulifungue kwenye simu ya mtu mwingine. Ukiliona limekamilika huko, hata mpokeaji ataliona.

Faili limezidi uzito unaotakiwa

Hapa pana haja ya kukaa kidogo, kwa sababu ndipo maombi mengi hukwamia. Tuseme faili letu limetoka na MB 3.4, na mpaka ni MB 2.

Watu wengi hukimbilia kupunguza picha zote kwa pamoja. Angalia kwanza uzito wa kila moja kwenye galari. Skrinshoti nyingi huhifadhiwa kama PNG, aina ambayo haipotezi hata nukta moja ya picha. Kwa ukurasa mweupe wenye maandishi, PNG ni nyepesi, mara nyingi kilobaiti mia chache tu. Kwa ukurasa wenye picha ya mtu, ramani au rangi nyingi, inapanda haraka hadi kupita MB 1. Kwa hiyo kwa kawaida mzigo unabebwa na picha moja au mbili. Katika mfano wetu ingekuwa fomu ya 1, ile yenye picha yako ya pasipoti na nembo kubwa ya rangi juu. Shughulika na hiyo peke yake.

Jaribu kwanza kuikata. Kama nembo ya juu haihitajiki, iondoe. Ikishindikana, igeuze iwe JPG, ambayo hubana picha za rangi vizuri zaidi. Kama simu yako haina njia ya kufanya hivyo, jitumie picha hiyo kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida ukichagua `HD`, kisha uipakue. Itarudi ikiwa JPG nyepesi. Isome kwa makini, na kama herufi bado ziko wazi, ifute ile ya zamani kwenye hati na uingize hii mahali pake. Hifadhi PDF upya na upime.

Njia hii iwe kwa picha nzito pekee. Ukizipitisha zote nane, maandishi madogo yatazungukwa na ukungu, na unaweza usipate nafuu yoyote kwa zile zilizokuwa nyepesi tangu mwanzo.

Kupunguza picha kwa kuburuta kona ndani ya hati si njia ya kuaminika ya kupunguza uzito. Inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini picha nzima inaweza kuwa bado imebebwa ndani ya faili.

Zipo pia tovuti za kubana PDF bure. Zinafanya kazi, ila ujue unachofanya: unapakia faili lenye jina lako, namba ya kitambulisho, matokeo na malipo yako kwenye kompyuta ya watu usiowajua. Kwa zoezi la hesabu sina neno. Kwa fomu yenye kitambulisho, mimi sizitumii.

Wenye iPhone

Njia fupi ni kupitia apu ya `Files`. Kwenye `Photos`, chagua skrinshoti zako, gusa alama ya kushiriki, kisha `Save to Files`, na uziweke kwenye folda mpya. Zipe majina `01`, `02` na kuendelea. Chagua zote, gusa alama ya nukta tatu chini, kisha `Create PDF`. Faili jipya litatokea kwenye folda hiyohiyo.

Njia hii hukata kila ukurasa kwa umbo la picha yenyewe, si A4. Kwa kusoma kwenye skrini haina shida. Kama umeambiwa A4, pitia Google Docs kama ilivyoelezwa juu. Kwa vyovyote, fungua faili uhakikishe mpangilio kabla ya kutuma.

Wenye kompyuta ya Windows 10 au 11

Huhitaji kusakinisha chochote. Zihamishe picha kwa waya wa USB. Ukilazimika kutumia WhatsApp, zitume kama `Document`, usizitume kama picha, la sivyo zitabanwa njiani.

1. Weka picha zote kwenye folda moja na uzipe majina `01`, `02` na kuendelea.
2. Zichague zote, kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha ya kwanza kabisa. Ukibofya juu ya picha ya katikati, PDF inaweza kuanzia hapo.
3. Chagua `Print`. Kwenye Windows 11, usipoiona, fungua `Show more options` kwanza.
4. Sehemu ya `Printer` chagua `Microsoft Print to PDF`. Sehemu ya `Paper size` chagua A4. Upande wa kulia chagua `Full page photo`.
5. Ondoa alama ya vema kwenye `Fit picture to frame`. Usiiruke hii. Ikibaki, Windows hukuza picha ijaze karatasi yote na kukata kinachozidi, na kwa skrinshoti ndefu ya simu kinachokatwa ni mistari ya juu na ya chini.
6. Bofya `Print`, chagua mahali, andika jina, hifadhi.

Kama neno `Print` halionekani kabisa, hesabu picha ulizochagua. Zikizidi 15, Windows huliondoa neno hilo kwenye menyu. Watu huhangaika sana hapo wakidhani kompyuta imeharibika. Kwa picha nyingi zaidi, ziingize kwenye hati ya Word na uihifadhi kama PDF; Word pia ina chaguo la `Minimum size` wakati wa kuhifadhi, linalosaidia kwenye uzito.

Matatizo yanayojirudia

*Kuna ukurasa mtupu kati ya picha.* Picha imejaza karatasi mpaka chini, na ile alama ya kuanza ukurasa mpya imesukumwa kwenye ukurasa unaofuata. Punguza picha kidogo kwa kuburuta kona, ukurasa mtupu utatoweka wenyewe.

*Nilibadilisha jina kutoka `.jpg` kuwa `.pdf` na mfumo umekataa.* Umebadilisha jina tu. Ndani bado ni picha. Rudia kuanzia hatua ya 4.

*Nimehifadhi lakini silioni faili.* Fungua apu ya mafaili, tafuta kwa sehemu ya jina uliloandika. Kama halipo, rudia kuhifadhi na safari hii utazame dirisha linakuonyesha folda gani. Mara nyingi limekwenda kwenye Google Drive badala ya simu.

*Herufi zina ukungu.* Linganisha na picha ya awali kwenye galari. Kama nayo ina ukungu, kuna mahali ilibanwa, mara nyingi kwa kutumwa na kupokelewa. Piga skrinshoti upya. Kama ya awali ni safi, basi imeingizwa ndogo mno kwenye karatasi. Ipe ukurasa wake.

*Mfumo unasema faili ni kubwa ilhali ni MB 2 kamili.* Mpaka huo hupimwa kwa baiti, na simu hukuonyesha namba iliyosogezwa. Lenga chini zaidi, MB 1.8 hivi.

*Skrinshoti inatoka nyeusi, au simu inakataa kupiga.* Apu nyingi za benki na malipo zimezuia skrinshoti kwa usalama. Usihangaike na simu yako. Ingia ndani ya apu hiyo, fungua muamala wenyewe, na utafute kitufe cha kushiriki au kupakua risiti. Ikikupa picha, iingize kwenye hati yako kama nyingine. Ikikupa PDF, ifungue kwenye simu na upige skrinshoti ya hiyo PDF, kisha endelea na hatua ya 2.